Kukata magoli ya ndondo kwenye simu ya shangazi

Mechi ya ndondo ikirekodiwa kwa simu mwanzo hadi mwisho inatoa zaidi ya saa moja na nusu ya video, na wachezaji wanachokitaka ndani yake hakifiki dakika mbili: magoli yao. Anayeombwa ayatoe mara nyingi ni dogo wa mtaani asiye na simu. Nitaeleza kazi hiyo kwa kisa cha dogo mmoja wa Kirumba, Mwanza. Simu ni ya shangazi yake, muuza dagaa wa Mwaloni. Rekodi ni ya mpiga video wa timu, na imemfikia dogo kwenye memori kadi ya gigabaiti 32. Magoli ni matatu. Shangazi ametoa simu baada ya magharibi kwa sharti moja, irudi mkononi saa tatu, kwa sababu wateja wake wa mikoani hupiga muda huo kuulizia mzigo.

Jambo moja kabla ya hatua. Hii ni mechi ya mtaani na timu yenyewe ndiyo iliyoirekodi. Mechi ya Ligi Kuu uliyoitoa kwenye kisimbuzi ina mwenye haki zake, na kuisambaza vipande vipande ni habari nyingine kabisa.

Kazi inaanzia uwanjani, kwenye daftari

Dogo hakuwa na simu, ila alikuwa na saa ya mkononi na daftari la shule. Aliandika mistari mitano tu: kipenga cha kwanza saa 10:22, goli saa 10:33, goli saa 10:53, kipenga cha kipindi cha pili saa 11:22, goli saa 11:43. Mistari hiyo mitano ndiyo iliyomwokolea chaji ya shangazi, kwa sababu bila hiyo angekuwa anasogeza video mbele na nyuma usiku kucha.

Saa yake ilikuwa mbele dakika mbili ukilinganisha na simu ya mpiga video, na haikuharibu kitu. Usihesabu kwa saa yenyewe, hesabu kwa umbali kutoka kwenye kipenga. Kipenga 10:22, goli 10:33, maana yake goli lilikuja dakika 11 baada ya mpira kuanza. Sasa fungua video, tafuta kipenga cha kuanza. Kwenye video hii kinasikika dakika ya 2 na sekunde 55, kwa kuwa mpiga video aliwasha kamera mapema. Jumlisha 11 juu yake: goli lipo karibu na 13:55. Kipindi cha pili kina kipenga chake, hivyo anza hesabu upya. Usibebe ile ya kwanza, maana mapumziko ya ndondo hayana adabu: refa akikutana na mtu anayemdai, dakika 15 zinakuwa 25.

Kumbuka pia kwamba mtu huandika goli baada ya kushangilia. Kwa hiyo hesabu ikikupa 13:55, anza kutazama 13:00 na kuja mbele. Kwenye kisa chetu mpira ulivuka mstari 13:41.

Kadi ikiingia kwenye simu, soma kabla ya kubonyeza

"Shikamoo shangazi. Naomba simu, ile kazi ya timu."

"Marahaba. Usinifutie picha za mzigo, na mtu akipiga niletee."

Dogo akatoa kadi mfukoni, akaiweka kwenye simu, na papo hapo likatokea tangazo la kiingereza kwenye kioo. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Simu ikiona kadi ngeni huweza kuuliza kama unataka kuitumia kama hifadhi ya ndani, au ikadai kwamba kadi ina hitilafu na inahitaji kutayarishwa. Neno la kuliogopa ni `Format`. Ukilibonyeza, mechi nzima imekwenda. Simu ya zamani inaweza kusema kadi ni mbovu kumbe ni nzima, ila imepangwa kwa mtindo ambao simu hiyo haiusomi. Kadi za gigabaiti 64 na kuendelea mara nyingi huja kwa mtindo huo mpya. Ukiona tangazo la namna hiyo, rudi nyuma, toa kadi, mrudishie mwenyewe akupe mafaili kwa njia nyingine. Ya dogo wetu ilikuwa ya gigabaiti 32 na tangazo lilikuwa la kumjulisha tu kwamba kadi imeingia. Akabonyeza kurudi.

Kabla hujagusa video yoyote, angalia mambo mawili kwenye mipangilio. La kwanza ni nafasi iliyobaki. Simu ya shangazi ilikuwa na gigabaiti 1.9, na dogo aliiandika kwenye daftari, utaona baadaye kwa nini. La pili ni Google Photos. Kama imewashwa ihifadhi picha mtandaoni yenyewe, klipu utakazotengeneza zinaweza kupanda kwenye akaunti ya shangazi, na kama imeruhusiwa kutumia data ya simu, bando lake litakwisha kabla hajajua limekwenda wapi. Mwombe ruhusa uizime kwa muda, na uiwashe tena ukimaliza. Usiizime kimyakimya, kwa sababu picha zake za risiti huenda zinategemea hiyo.

Kwa nini kipindi kimoja kina mafaili mawili

Dogo alitarajia mafaili mawili, moja kwa kila kipindi. Akakuta manne. Mpiga video hakukosea. Kadi ndogo kama hii hupangwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kamera ikifika hapo hufunga faili, inafungua jingine na kuendelea. Simu iliyorekodi mechi hii inatumia megabaiti 120 na ushei kwa kila dakika, hivyo faili la kwanza lilijaa dakika ya 33 na sekunde 41.

Sasa rudi kwenye daftari. Goli la pili ni 10:53, yaani dakika 31 baada ya kipenga. Ongeza zile 2:55 unapata 33:55. Faili la kwanza limeishia 33:41, kwa hiyo goli liko faili la pili, karibu na sekunde ya 14. Anayetafuta bila hesabu angesogeza faili la kwanza mpaka mwisho, asione kitu, na kudhani kamera ilizimwa.

Ukifungua faili la pili, mpira unaingia wavuni sekunde ya 6. Kona yenyewe imepigwa sekunde ya 3. Lakini shambulio lililozaa kona hiyo limebaki kwenye faili la kwanza. Tutaliunga baadaye. Kwa sasa andika pembeni: goli la pili, vipande viwili.

Kata mara mbili: kwanza vibaya, halafu vizuri

Hili ndilo la kukaa nalo, kwa sababu wengi hukata tamaa hapa wakilaumu simu.

Ukifungua video kwenye galeri na kubonyeza alama ya kuhariri, chini unaona mkanda wa picha ndogondogo wenye vishikio viwili, kushoto na kulia. Simu ikiwa wima, mkanda huo una urefu wa kama sentimita 6. Ndani yake kuna dakika 33. Fanya hesabu: kila milimita moja inabeba sekunde 34 hivi. Ncha ya kidole ina upana wa karibu sentimita moja, maana yake kidole chako peke yake kinafunika zaidi ya dakika tano za mpira. Goli zima, kuanzia krosi hadi mashangilio, halifiki hata milimita. Ndiyo maana kishikio kinaruka kutoka dakika ya 12 hadi ya 15 ukikigusa tu. Kidole hakitetemeki, mkanda ndio mfupi.

Suluhisho ni kukata kwa mikupuo miwili. Mkupuo wa kwanza hauhitaji usahihi. Kwa goli la kwanza, dogo aliweka kishikio cha kushoto popote karibu na 12:00, cha kulia popote karibu na 15:00, akahifadhi. Akapata kipande cha dakika tatu. Akakifungua hicho kipande, akalaza simu ili mkanda urefuke kufikia kama sentimita 12, na sasa kila milimita ina sekunde moja na nusu tu. Hapo kidole kinafanya kazi. Galeri nyingine hutanua mkanda ukishikilia kishikio kwa sekunde moja bila kuachia. Jaribu kwanza, huenda usihitaji mkupuo wa pili.

Wakati wa kuhifadhi, soma tena kilichoandikwa. Kuna programu zinazohifadhi nakala mpya pembeni, na kuna zinazoweka kipande ulichokata mahali pa faili zima. Unachotaka ni kitufe kilichoandikwa `Save copy` au `Save as copy`. Kikiwepo `Save` peke yake, usikiamini kwenye rekodi ya mtu. Jaribu kwanza kwenye video ya majaribio ya sekunde kumi uliyoipiga mwenyewe hapo chumbani, uone kama ya mwanzo inabaki. Dogo alimrekodi paka, akamkata, akakuta paka wawili, mrefu na mfupi. Basi, programu hii ni salama.

Sasa uanzie wapi na uishie wapi? Makosa ya kawaida ni kuanzia kwenye shuti. Klipu ya aina hiyo inaonyesha mpira ukiingia tu, na kocha anayeitazama hajui mfungaji alifikaje hapo. Rudi nyuma mpaka pale timu ilipoupata mpira au ilipoanza kusogea kwa hatari, mradi usizidi sekunde 15 hivi. Goli la kwanza liliingia 13:41. Beki wa kulia alinyang'anya mpira katikati 13:26, hapo ndipo pa kuanzia. Mwisho ni 13:52, mfungaji akiwa ameshakimbilia kibendera na namba yake ya mgongoni imeonekana. Hilo la namba zingatia sana. Kamera ya ndondo iko mbali, nyuso hazionekani, na bila namba kijana hawezi kuthibitisha kwamba yule ni yeye. Jumla ni sekunde 26.

Klipu inapoanza na picha iliyoganda

Goli la kwanza lilipochezwa, sauti ilianza vizuri ila picha iliganda kidogo kabla ya kuchangamka. Haya ndiyo maelezo yake. Video haihifadhi picha kamili kila wakati. Inahifadhi picha moja kamili, halafu kwa muda fulani inaandika tu kilichobadilika, kisha picha kamili nyingine. Kamera nyingi za simu huweka picha kamili kila baada ya sekunde moja hivi. Video iliyopita WhatsApp inaweza kukaa sekunde kadhaa bila picha kamili. Ukikata katikati ya picha kamili mbili, programu ina mambo mawili ya kufanya: irudi nyuma hadi picha kamili iliyopita, hivyo klipu inaanza mapema kuliko ulivyotaka, au ianze palepale na mtazamaji asubiri picha kamili ijayo huku sauti ikitembea.

Tiba ni rahisi. Sogeza mwanzo nyuma kwa sekunde mbili na ukate upya kutoka kwenye kile kipande cha dakika tatu. Dogo akaanzia 13:24 na kule kuganda kukaishia kwenye zile sekunde mbili za ziada, kabla beki hajagusa mpira. Ukipewa rekodi iliyotumwa WhatsApp badala ya kadi, acha nafasi ya sekunde tano.

Lipo swali la ubora pia. Programu nyingine hukata bila kugusa picha, nyingine huisaga video upya kila inapohifadhi. Utaijua kwa mwendo wake na kwa uzito wa faili. Ile isiyogusa picha humaliza kipande cha dakika tatu kwa sekunde chache, na kipande kinakuwa na uzito unaolingana na asili, hapa karibu megabaiti 365. Inayosaga upya inahesabu asilimia polepole, simu inapata joto, na faili linaweza kutoka na megabaiti 90. Ukikata mara mbili kwa programu ya aina hiyo, mpira unasagwa mara mbili, na kwenye uwanja wa vumbi hilo linatosha kuufanya mpira upotee machoni. Ukiwa na programu kama hiyo tu, jitahidi umalize kwa mkupuo mmoja, hata kama klipu itabaki na sekunde tano za ziada kila upande.

Kuunga goli lililopasuka

Goli la pili lilihitaji vipande viwili: mwisho wa faili la kwanza kuanzia 33:27, shuti la mbali lililopanguliwa na kipa na kutoka nje, halafu mwanzo wa faili la pili hadi sekunde ya 16. Ni sekunde 14 na sekunde 16, jumla nusu dakika.

Galeri ya simu mara nyingi haiungi. Hapa utahitaji programu kama CapCut au InShot, na kama haipo kwenye simu, usiipakue bila kuuliza, kwa sababu ni bando la mwenye simu na nafasi yake. Shangazi alikuwa na InShot, anaitumia kutengeneza video za dagaa za kuweka status. Pakia vipande viwili vifupi, usipakie mafaili mazima ya gigabaiti 4 kwenye simu ya kawaida, itakwama. Viweke kwa mpangilio, hakikisha vyote vina ukubwa uleule wa picha, kisha hifadhi. InShot ya bure huweka jina lake pembeni ya video. Unaweza kulitoa kwa kutazama tangazo, lakini tangazo linakula bando, kwa hiyo dogo aliliacha.

Mahali pa kuungia panaweza kuruka kidogo, maana kamera inapofunga faili na kufungua jingine huenda ikapoteza sehemu ndogo ya sekunde. Hapa bahati ilikuwa upande wao, mpigaji alikuwa bado anaupanga mpira kwenye kona. Ingekuwa katikati ya shuti, ningeacha mruko uonekane kuliko kuuficha kwa madoido ya kufifisha picha. Anayetafuta mchezaji hahitaji madoido.

Programu inapohifadhi, simu ikipigwa kazi inaweza kukatika njiani na kuacha faili lisilofunguka. Na huyu ni muuza dagaa, simu itaita tu. Dogo akamwambia shangazi, "Naomba dakika tatu simu isipatikane," shangazi akakubali, dogo akaweka hali ya ndege, programu ikahifadhi, akaitoa. Ukisahau kuitoa, mteja wa mzigo atamtafuta mwingine.

Goli la tatu lilikuwa penalti, dakika 21 baada ya kipenga cha kipindi cha pili. Halikuwa na ugumu. Anzia refa anapoonyesha alama, kata ule ubishi wote uliofuata kama unazidi sekunde 20, endelea.

Kuzitoa klipu

Usizitume kwa WhatsApp ya mwenye simu. Zitatoka kwa jina lake, majibu na matusi ya timu pinzani yatamwingilia yeye, na juu ya hapo WhatsApp hubana video zikitumwa kama video za kawaida. Kama hakuna njia nyingine, zitume kama dokumenti, hapo hazibanwi, ila klipu ya sekunde 28 ni zaidi ya megabaiti 50 na bando litasikia. Njia nzuri ni kuzihamishia kwenye ile kadi, kwenye folda yenye jina la timu na tarehe, au kuzipitisha kwa Xender kwenda simu ya nahodha akiwa amekaa karibu. Zote mbili hazitumii bando. Zipe majina yanayoeleweka, mfano `goli2_kona_namba9`, kwa sababu mafaili matatu yenye namba ndefu za kamera hakuna atakayeyatofautisha wiki ijayo.

Fungua kila klipu kutoka kwenye kadi, itazame hadi sekunde ya mwisho, ndipo ufute zilizo kwenye simu. Kufuta kwenyewe kuna hatua mbili. Galeri nyingi huhamishia vilivyofutwa kwenye pipa la taka na kuviweka humo hadi siku 30, na vinaendelea kula nafasi. Ingia kwenye pipa, futa vya kwako tu, kimoja kimoja. Usibonyeze cha kufuta vyote, huenda shangazi ana picha humo anayotaka kuirudisha. Halafu linganisha nafasi na ile uliyoandika kwenye daftari. Dogo alikuta 1.5 badala ya 1.9. Kile kipande cha dakika tatu cha goli la kwanza kilikuwa bado kipo, galeri ilikiweka kwenye folda nyingine. Akakitafuta, akakifuta, ikarudi 1.9. Akawasha tena Google Photos kama ilivyokuwa, akatoa kadi kupitia mipangilio badala ya kuichomoa tu, na saa tatu kasoro robo simu ikarudi kwa mwenyewe ikiwa na chaji asilimia 31.